Envelopu karibu safi, masafa ya papo hapo yamejaa miiba: ishara moja yenye AM na FM kwa pamoja

#1 Kibebaji

Wakuu, naomba mnisaidie, nimekaa na hili wiki nzima.

Nina ishara ambayo kimo chake kinapanda na kushuka mara 5 kwa sekunde, na wakati huohuo masafa yake yanapanda na kushuka kwa 20 Hz kuzunguka 100 Hz, mara 3 kwa sekunde. Kwa hesabu iko hivi:

`x(t) = (1 + 0.5 cos(2π·5t)) · cos(2π·100t + (20/3) sin(2π·3t))`

Kwa hiyo envelopu inatakiwa icheze kati ya 0.5 na 1.5, na masafa ya papo hapo yawe `100 + 20 cos(2π·3t)`, yaani kati ya 80 na 120 Hz. Nachukua sampuli 1000 kwa sekunde, kisha nafanya hivi:

```python
z = hilbert(x)
env = np.abs(z)
f = np.diff(np.unwrap(np.angle(z))) * fs / (2*np.pi)
```

Nikiitengeneza ishara ndani ya kompyuta, sekunde 1 kamili, majibu yanatoka kama yalivyochorwa kwa rula. Nikiitoa ishara ileile kwenye jenereta na kuirekodi kwa kigeuzi, mambo yanaharibika. Envelopu ina viwimbi vidogo vya haraka juu yake. Masafa yana viwimbi vikubwa zaidi, na kwenye mabonde ya envelopu yanatawanyika kabisa. Mwanzoni na mwishoni mwa rekodi vyote viwili vinayumba, masafa yanatoka nje kwa makumi ya Hz. Rekodi ina urefu wa sekunde 1.37.

Jenereta nimeikagua, iko sawa. Nini kinaniharibia?

#2 Rektifaya

Mkuu, kwa envelopu huhitaji Hilbert. Chukua thamani kamili ya ishara, `abs(x)`, pitisha kwenye kichujio cha masafa ya chini, umemaliza. Redio za AM zimefanya hivyo kwa diodi na kapasita miaka yote.

Tatizo lako la masafa liko kwenye `unwrap`. Ikikosea mahali pamoja inaburuta kosa mpaka mwisho. Tumia hii, haina `unwrap`:

```python
f = np.angle(z[1:] * np.conj(z[:-1])) * fs / (2*np.pi)
```

#3 Kibebaji

Asante mkuu. Nimeijaribu sasa hivi. Miiba ipo palepale, hata tarakimu hazijabadilika.

#4 MtuWaMashine

Hili suala nalijua, nalitumia kila siku kwenye mashine zinazozunguka. Beringi ikiwa na jeraha kwenye njia ya nje, kila kijipira kikipita pale kinagonga, na kule kugonga kunaifanya nyumba ya beringi ilie kwa masafa yake ya juu, kwangu ni kama 3000 Hz. Mimi nachuja kuzunguka hizo 3000, natafuta envelopu, kisha naipitisha envelopu yenyewe kwenye FFT. Pale ndipo unaona mara ngapi kwa sekunde inagongwa, na hicho ndicho kinachokuambia jeraha liko wapi. Usihangaike na masafa ya papo hapo. Fanya FFT ya envelopu, utaona kilele kwenye 5 Hz, kazi imeisha. Usisahau kuiondolea envelopu wastani wake kwanza, la sivyo kilele cha sifuri kitameza kila kitu.

#5 Kibebaji

Mkuu MtuWaMashine, nashukuru, lakini hizo 5 Hz nazijua, nimeziweka mwenyewe kwenye jenereta. Ninachotaka ni kuona masafa yalikuwa mangapi katika kila nukta ya wakati, kwa sababu baadaye nitapima ishara ambayo sijui imebadilika vipi. Nikishindwa kwenye hii ninayoijua, ile nyingine nitaiaminije?

#6 BiFezi

Kibebaji, umefanya vizuri kuanza na ishara ambayo jibu lake unalo mkononi. Kabla sijasema kitu naomba mambo mawili. Kwanza, wastani wa rekodi yako ni kiasi gani, `x.mean()`? Pili, kuza grafu ya envelopu uone vile viwimbi vya haraka vinajirudia kila baada ya muda gani.

Rektifaya, hiyo mistari miwili ya msimbo inatoa tarakimu zilezile, ndiyo maana Kibebaji hakuona tofauti. `unwrap` inaichukua kila hatua ya fezi na kuirudisha ndani ya nusu mzunguko, na kuzidisha kwa mwenzi changamano kunafanya hivyohivyo. Kweli ile ya pili haibebi kosa kwenda mbele, na hilo ni muhimu ukiitaka fezi yenyewe. Ukitaka kasi yake tu, zote mbili ni sawa. Na kuhusu diodi: njia yako ya `abs(x)` inafanya kazi pale kibebaji kilipo mbali juu ya modulesheni, na hapa kipo, lakini jibu litatoka dogo kwa 2/π, kama 0.64 ya envelopu halisi, mpaka ulizidishe kwa π/2. Na ukishaitumia fezi imepotea, haimsaidii kwa nusu ya pili ya swali lake.

#7 Kibebaji

Shikamoo Bi Fezi. Wastani ni 0.098. Viwimbi vinajirudia kila baada ya kama milisekunde 10, ingawa si sawasawa, mara 8 na nusu, mara 12. Na sasa nimeona kitu: kwenye masafa, viwimbi hivyo ni vikubwa zaidi kwenye mabonde ya envelopu. Kwenye bonde moja masafa yalikuwa yanaruka kati ya kama 78 na 117 Hz ndani ya mzunguko mmoja.

#8 BiFezi

Marahaba. Basi tatizo la kwanza tumelipata: ni hizo 0.098.

Ngoja nieleze `hilbert` inajenga nini, kwa sababu ukikiona kwa macho hutahitaji kukariri dawa. Ishara uliyorekodi ni namba halisi, inapanda na kushuka tu. Hebu ifikirie kama kivuli cha mshale unaozunguka, kivuli kinachoanguka kwenye mstari mmoja. Ukiwa na kivuli peke yake, mishale isiyohesabika inaweza kuwa imekitupa. Mmoja mrefu unaozunguka taratibu, mwingine mfupi unaokimbia, vivuli vyao vinaweza kufanana. Kwa hiyo swali la «envelopu ni ipi» halina jibu mpaka uchague mshale mmoja kwa kanuni. Kanuni tunayotumia ni ya Gabor, aliiweka mwaka 1946: chukua spektra ya ishara, futa nusu yote ya masafa hasi, nusu ya chanya izidishe kwa 2, rudi kwenye wakati. Kwa N iliyo shufwa, `hilbert` inafanya hivi tu ndani yake:

```python
X = np.fft.fft(x); N = len(x)
h = np.zeros(N)
h[0] = h[N//2] = 1
h[1:N//2] = 2
z = np.fft.ifft(X * h)
```

Sehemu halisi ya `z` ni ishara yako ileile haijaguswa. Sehemu dhahania ni ishara hiyohiyo, kila kipande chake cha masafa kikiwa kimecheleweshwa robo mzunguko. Urefu wa mshale ni envelopu. Kasi ya kuzunguka kwake, ukiigawa kwa 2π, ni masafa ya papo hapo. (Jina la `hilbert` linapotosha kidogo: inakurudishia mshale mzima, na mgeuzo wenyewe wa Hilbert ni ile sehemu dhahania peke yake.)

Sasa angalia `h[0] = 1`. Wastani wa ishara unapita hapo kama ulivyo, unabaki kwenye sehemu halisi, na hauna mwenzake kwenye sehemu dhahania. Maana yake mshale wako unachora duara ambalo kitovu chake kimesogea 0.1 kando ya sifuri, na wewe unapima urefu na pembe ukiwa umesimama kwenye sifuri. Upande mmoja wa duara uko karibu nawe, mwingine uko mbali. Urefu unapanda na kushuka mara moja kila mzunguko, ndiyo viwimbi vyako vya milisekunde 10. Mzunguko wa 120 Hz ni milisekunde 8.3 na wa 80 Hz ni 12.5, ndiyo maana umeona havilingani.

Na kwenye bonde duara lina nusu kipenyo 0.5 tu, na kwa hesabu yako mabonde mawili kati ya kila matano yana masafa halisi ya 93.8 Hz. Mshale ukipita upande wa karibu unaonekana kukimbia: 93.8 × 0.5/0.4, karibu 117 Hz. Upande wa mbali unaonekana kulegea: 93.8 × 0.5/0.6, karibu 78 Hz. Ndizo namba ulizosoma kwenye grafu yako.

Ondoa wastani kabla ya `hilbert`, kisha utuambie kimebaki nini.

#9 Kibebaji

Nimeondoa. Viwimbi vya envelopu vimekwisha kabisa! Nimeangalia zile 78 na 117 mara tatu, sikutegemea namba zitoke sawa kiasi hicho.

Vimebaki viwili. Ncha za rekodi bado zinayumba. Na kwenye mabonde masafa bado yanatawanyika, ila sasa si viwimbi, ni kama mchanga uliomwagwa, 3 au 4 Hz huku na huku. Kwenye vilele mchanga huo ni mwembamba zaidi, kama 1 Hz.

#10 sampuli_moja

Naomba kuingilia, mimi bado najifunza. Kwa nini ishara ya Kibebaji ya kwenye kompyuta haikuwa na shida ya ncha? Mimi pia nimeitengeneza sasa hivi, sekunde 1, na ncha zangu ziko safi. Labda tatizo ni kigeuzi chake.

#11 BiFezi

Si kigeuzi, sampuli_moja. Umeona safi kwa bahati ya namba. 100, 5 na 3 zote zinakamilisha mizunguko kamili ndani ya sekunde 1. FFT inaichukua rekodi yako kana kwamba imefungwa duara, mwisho umeunganishwa na mwanzo, na kwa namba hizo kiungo hakionekani. Badilisha kibebaji kiwe 100.5 usiguse kingine chochote, kisha angalia tena.

#12 sampuli_moja

Nimebadilisha. Ncha zote mbili zimeharibika. Ishara inaanza kwenye 1.5, na nikiiendeleza mpaka sekunde 1 kamili inafika -1.5.

#13 BiFezi

Hapo kwenye kiungo kuna mruko wa 3, na FFT inalazimika kuujenga kwa masafa ambayo ishara yako haina. Mgeuzo wa Hilbert nao unachanganya kila nukta na majirani zake kwa uzito unaopungua kama 1/t, yaani polepole sana. Kwa hiyo uharibifu wa kiungo hauishii palepale, unavuja kuingia ndani na kufifia taratibu.

Nakuomba ulikumbuke hili kila unapojaribu msimbo wowote wa aina hii: jaribio lenye mizunguko kamili linakuficha kosa ambalo rekodi ya kweli lazima itakuonyesha.

#14 Rektifaya

Dawa ya ncha ni dirisha la Hann. Zidisha rekodi kwa dirisha kabla ya `hilbert`, ncha zinashuka mpaka sifuri, hakuna mruko tena.

#15 BiFezi

Mruko unaondoka, hilo ni kweli. Ila sasa envelopu utakayopata ni envelopu yako mara dirisha. Ukitaka yako halisi lazima ugawanye kwa dirisha, na kwenye ncha utakuwa unagawanya kwa kitu kilicho karibu na sifuri, palepale ulipotaka kupaponya. Fezi ya katikati inabaki salama kwa sababu dirisha linabadilika taratibu kuliko kibebaji, lakini katikati haikuwa inaumwa.

Mimi ninachofanya ni kurekodi zaidi ya ninachohitaji, kukokotoa kwa rekodi nzima, kisha kukata ncha mwishoni kabisa. Kwa kibebaji cha 100 Hz nakata angalau sekunde 0.1 kila upande, mizunguko kama 10. Ile 1/t haina mahali inapofika sifuri, kwa hiyo kiasi cha kukata kinategemea unavumilia kosa kiasi gani. Kibebaji akikata 0.1 kila upande, kwenye 1.37 anabakiwa na 1.17.

#16 MtuWaMashine

Kwangu ncha hazijawahi kunisumbua kwa sababu rekodi ni ya sekunde 20. Ila Bi Fezi, umenifikirisha. Nimejaribu kuchora masafa ya papo hapo ya rekodi yangu ya beringi. Karibu na kila kugonga yanakaa kwenye 3000 hivi, halafu kati ya kugonga na kugonga yanakwenda kokote. Mashine ina kasoro nyingine nisiyoijua?

#17 BiFezi

Hapana ndugu yangu, mashine haina hatia hapo. Kati ya kugonga na kugonga mlio umeshakufa, na mshale unaoupima ni kelele peke yake. Kelele haina masafa yake ya papo hapo ya kukuambia. Chora masafa pale tu envelopu inapozidi kiwango fulani juu ya kelele, kwingine paache wazi.

Na hili ndilo tatizo la tatu la Kibebaji, kwa kiwango kidogo. Kibebaji, zima jenereta urekodi kelele tupu, utupe mtawanyiko wake.

#18 Kibebaji

`np.std` inatoa 0.01. Ndogo sana, ni asilimia 2 tu ya bonde. Inawezaje kuleta 4 Hz?

#19 BiFezi

Kwa sababu unapima tofauti ya fezi kati ya sampuli mbili zilizo jirani, kisha unaizidisha kwa kasi ya sampuli.

Kelele ya 0.01 inausukuma mshale wa 0.5 kando kwa pembe ya kama radiani 0.02. Ni kidogo kweli. Lakini kibebaji chenyewe kati ya sampuli na sampuli kinasogea radiani 0.63 tu, na hatua hiyo ndiyo unayoiita 100 Hz. Kila radiani 0.01 ya kosa kwenye hatua inageuka kuwa 1.6 Hz, kwa kuwa 1000/2π ni kama 159. Nimekokotoa kwa kelele nyeupe iliyopitia `hilbert`: kwenye bonde la 0.5 mtawanyiko unatoka karibu 3.5 Hz, na kwenye kilele cha 1.5 unatoka theluthi yake, 1.2 Hz. Ndicho ulichokiona.

Angalia hasa ubaya uko wapi. Kelele yako imeenea kutoka 0 mpaka 500 Hz, na kutoa tofauti kunakuza zaidi ile iliyo mbali na kibebaji, ambayo ishara yako haiihitaji kabisa. Basi ichuje kabla ya `hilbert`. Ishara yako inachukua nafasi gani? Yumbo la 20 Hz, jumlisha 3 za modulesheni yake, jumlisha 5 za AM: 28 kila upande, yaani 72 mpaka 128 na mikia kidogo. Pitisha 60 mpaka 140:

```python
sos = butter(4, [60, 140], 'bandpass', fs=fs, output='sos')
y = sosfiltfilt(sos, x)
```

Kwa bendi ya ±40 Hz kosa la kwenye bonde linatakiwa lishuke mpaka kama 0.2 Hz. Tumia `sosfiltfilt`, inayopita mbele na kurudi nyuma. Kichujio cha kupita mara moja kinachelewesha, na hakicheleweshi masafa yote sawa, kwa hiyo envelopu na masafa vinahama kwenye wakati na wewe hujui vimehama kiasi gani.

#20 Rektifaya

Kama anachuja 60 mpaka 140, basi kuondoa wastani hakuhitajiki tena. Kichujio kinaukata.

#21 BiFezi

Kweli kabisa, hapo umenena. Kichujio kimoja kinaondoa wastani na kelele kwa pamoja. Nilitaka tu auone wastani peke yake kwanza, ajue alama yake.

#22 Kibebaji

Imekubali! Nimechuja rekodi nzima, nikapitisha `hilbert`, nikakata 0.1 kila upande. Masafa yanatoka kati ya 80 na 120, laini, na kwenye mabonde hayatofautiani na hesabu kwa zaidi ya sehemu chache za kumi za Hz.

Kisha nikafikiri nikibana zaidi nitapata safi zaidi. Nikaweka 90 mpaka 110. Masafa yamekuwa laini mno, lakini sasa hayafiki 80 wala 120. Na envelopu imepata mabonde mapya ambayo sikuyaweka.

#23 BiFezi

Umeikata ishara yenyewe. Masafa yanapofika 80 au 120 yako nje ya mlango wa kichujio, kimo kinabanwa, na FM inageuka kuwa AM ya uongo. Utaitambua hivi: masafa yanafika ukingoni mara mbili katika kila mzunguko wa 3 Hz, mara juu na mara chini, kwa hiyo mabonde hayo mapya yatakuwa 6 kwa sekunde. Hesabu utuambie.

Kwa ishara usiyoijua, anza na bendi pana, bana hatua kwa hatua. Ukiona upana wa yumbo la masafa unapungua kila unapobana, umeshaingia kwenye nyama.

#24 Kibebaji

6 kwa sekunde. Nimezihesabu.

#25 Mshale2

Nimesoma uzi wote, ni mzuri, lakini mnaongea kana kwamba masafa ya papo hapo ni kitu kilichopo kwenye ishara na kazi ni kukisafisha. Chukueni mawimbi mawili ya kawaida, moja la 100 Hz lenye kimo 1, lingine la 120 Hz lenye kimo 0.8, jumlisheni. Hakuna kelele, hakuna wastani, hakuna ncha. Yakiwa pamoja masafa ya papo hapo yanakuwa 196/1.8, karibu 109 Hz. Yakipingana ni (100 − 96)/0.2, yaani 20 Hz. Kwenye ishara hakuna chochote cha 20 Hz! Sasa hizo 20 ni masafa ya nini?

#26 Rektifaya

Hizo ni dosari za Hilbert. Ndiyo maana mimi nasema hesabu mara ishara inapovuka sifuri, hiyo haidanganyi.

#27 BiFezi

Rektifaya, kuvuka sifuri kutakuonyesha kituko hichohicho, kwa sababu wimbi lenyewe hapo limejinyoosha kweli. Likuze ulitazame.

Mshale2, hesabu yako ni sahihi na swali lako ni la haki. Jibu langu ni la fundi: ishara hiyo ina mishale miwili, na umeilazimisha iwe mmoja. Tenganisha 100 na 120 kwa vichujio viwili, kila mmoja utakupa jibu lenye maana. Kanuni ya Gabor inatoa mshale mmoja kila mara, hata pale ishara haikutengenezwa na mshale mmoja. Kwa ishara ya Kibebaji mshale wa kanuni na mshale wa jenereta unakuwa uleule kwa sababu envelopu inabadilika kwa 5 Hz na kibebaji hakishuki karibu na huko. Bedrosian alilithibitisha hilo mwaka 1963: spektra ya envelopu ikiwa yote iko chini ya spektra ya kibebaji, envelopu inatoka nje ya mgeuzo bila kuguswa. Kibebaji akiweka AM ya 120 Hz juu ya kibebaji cha 100, pembe moja ya spektra itaangukia −20, itajikunja kuwa 20, na envelopu itakayotoka haitakuwa ile aliyoweka. Itakuwa na 80 Hz ndani yake ambayo hakuiweka mtu.

#28 Mshale2

Hilo nalikubali. Lakini unatenganisha kwa kujua kwamba ni mawili. Mimi nikikupa rekodi tu, wimbi moja la AM iliyokolea na jumla ya mawimbi machache yaliyokaribiana ni kitu kilekile kwa hesabu. AM ya Kibebaji yenyewe ni mawimbi matatu ukipenda: kibebaji na pembe zake mbili za 5 Hz. Nani anaamua kuwa ni mshale mmoja?

#29 BiFezi

Anaamua anayejua ishara imetoka wapi. Sina jibu lililo bora kuliko hilo, na sidhani kama spektra peke yake inaweza kulitoa.

#30 Mshale2

Basi tunatofautiana hapo tu. Kwangu, namba inayohitaji ujue chanzo kabla ya kuisoma haitakiwi kuitwa kipimo.

#31 Kibebaji

Samahani wakuu, kabla hamjafunga. Nimeongeza kina cha AM kutoka 0.5 mpaka 1.5, ndani ya kompyuta tu, bila kelele, sekunde 1 kamili. Envelopu imekuwa na mabonde mawili kila mzunguko badala ya moja, na yote yanagusa sifuri. Masafa yana miiba 10 kwa sekunde, mwembamba wa sampuli moja kila mmoja, na yote inaelekea karibu na −400 Hz. Nilitegemea +500 kama kuna mruko wa nusu mzunguko.

#32 BiFezi

Soma hatua yenyewe. `1 + 1.5 cos(2π·5t)` inapita sifuri na kuwa hasi, mara mbili kila mzunguko, ndiyo 10 zako. Urefu wa mshale hauwezi kuwa hasi, kwa hiyo `abs` inaukunja juu na pembe inaruka digrii 180. Lakini kwenye hatua hiyohiyo kibebaji nacho kimesogea digrii zake 36. Jumla ni 216, na `unwrap` inaiona 216 kama −144, kwa kuwa hiyo ndiyo njia fupi. Digrii −144 kwa milisekunde moja ni −400 Hz. Yumbo la FM linaihamisha kidogo, kati ya −420 na −380, kutegemea mwiba umetokea wakati gani.

Mwiba wa namna hii haupungui kwa kuchuja kabla, maana si kelele.

#33 sampuli_moja

Je, akigeuza alama ya `z` kila baada ya mwiba mmoja, envelopu haitarudi kuwa ile ya kweli yenye hasi, na masafa yakanyooka?

#34 BiFezi

Kwa ishara hii safi itarudi. Kwenye rekodi yenye kelele mshale haupiti katikati ya sifuri, unazunguka pembeni yake, wakati mwingine kwa kulia na wakati mwingine kwa kushoto, na ule mruko unasambaa kwenye sampuli kadhaa. Hapo hutajua ugeuze alama wapi. Mimi ningeacha sampuli mbili tatu kila upande wa sifuri wazi, na kuunganisha masafa kutoka upande mmoja hadi mwingine.

#35 Kibebaji

Nitajaribu njia zote mbili kwenye rekodi ya jenereta yenye kina 1.5 na kelele ileile ya 0.01, nitaweka grafu hapa.